Picha ya Mkono wa Kushoto

“Una mimba?”

Swali lilimkuta Antena akiinama kuupita mlango wa chumba cha eksirei. Aliinuka kwa mshtuko, akagonga kichwa juu ya mlango. Nyuma yake, wachezaji wenzake sita walicheka mpaka wakashikana.

“Usinitolee macho, binti. Namuuliza kila mwanamke kabla ya kumpiga picha,” alisema mpiga eksirei, mama mnene mwenye miwani ya kamba. “Hata kama ana miaka kumi na minne.”

“Eti kumi na minne!” Punje alidakia kutoka kwenye benchi, miguu ikining’inia bila kugusa sakafu. Alikuwa amempakata mdogo wake wa kike, mtoto wa miaka mitano hivi, ambaye alikuja naye kila mahali, hata mazoezini. “Muulize vizuri, mama. Huyo ana wajukuu.”

Wakacheka tena.

Yote hayo yaliletwa na barua isiyo na jina. Mtu aliwaandikia waandaaji wa mashindano ya wasichana wasiozidi miaka kumi na mitano kwamba kwenye timu yao ya mpira wa pete yumo mtu mzima anayecheza na watoto. Hakusema ni nani. Ya nini aseme? Antena alikuwa na mita moja na sentimita themanini na sita, bila viatu.

Mwaka mmoja nyuma, barua kama hiyo ingemmaliza. Siku zile alitembea kama mtu aliyeangusha sindano. Darasani magoti yake yaliinua dawati, na vitabu vya jirani vikaporomoka. Pindo la sketi lilikuwa limeshushwa mara tatu, na kila pindo la zamani liliacha mstari uliopauka, mtu angeweza kuhesabu miaka yake kama ngazi. Punje alikuwa anavua kiatu, anakiweka sikioni, darasa zima linanyamaza kusikiliza. “Haloo, Antena? Huko juu mvua inanyesha?” Kwenye picha ya darasa Antena alikunja magoti mpaka yakatetemeka. Bado kichwa kilikatwa.

Halafu mwalimu wa michezo akamtoa Punje kwenye ufungaji, akamweka Antena chini ya goli.

“Ukijikunja unampa beki mpira,” alimwambia. “Sheria inamtaka akae hatua nzima mbali na wewe. Sasa pokea juu, baki nao juu, kiwiko chini ya mpira. Magoti kunja kidogo tu, wakati wa kurusha. Anyooshe mikono mpaka achoke, hakufikii.”

Wiki tatu za kwanza mgongo ulimuuma kama wa mpakua mizigo, maana misuli iliyozoea kuinama ilikuwa inafundishwa kusimama. Wiki ya nne alifunga magoli thelathini na moja kwenye mechi moja. Pete ilikuwa mita tatu kutoka ardhini, na zaidi kidogo. Mwishowe alikuwa amepata kitu cha kukitazama kwa kuinua kichwa.

Ndiyo maana barua iliposomwa, Antena hakulia. Alisimama, akajinyoosha wote. “Nipimeni. Ila tupimwe wote.”

“Sawa,” alisema mwalimu. “Asiyepimwa hachezi fainali kesho.”

Punje aliinama akafunga kamba za kiatu, kisha akacheka kuliko wote.

Antena alivaa aproni nzito ya madini ya risasi, ya kukinga miale, akalaza kiganja cha kushoto kwenye bamba baridi, vidole vimetanuliwa. “Usitikisike,” akaambiwa. Tiki. Wakafuata wengine, mmoja mmoja. Wa mwisho, Punje, alimkalisha mdogo wake kwenye benchi, akaingia.

“Una mimba?”

“Safari hii hapana, mama.”

Benchi zima likalipuka. Hata mpiga eksirei alitabasamu.

Baada ya saa moja daktari alizipanga picha saba kwenye kioo chenye taa. Mwalimu na mwandaaji wa mashindano walisimama pembeni, wamekunja mikono.

“Eksirei haijui siku yako ya kuzaliwa,” daktari alianza. “Inaonyesha tu mfupa umefika wapi.” Akagusa picha ya Antena, karibu na kifundo cha mkono. “Mnaona mstari huu mweusi? Hapo kuna gegedu, laini, eksirei inaipita. Mfupa unarefukia hapo. Ukishakomaa, gegedu inageuka mfupa na mstari unapotea. Huyu wake uko wazi kabisa. Huyu mtoto. Na bado anarefuka.”

“Kiasi gani?” Antena aliuliza.

“Sentimita mbili, tatu.”

“Hata tano sikatai.”

Wenzake wakampigia makofi. Daktari alisubiri yaishe, akahamia kwenye picha ya saba.

“Huyu hapa hana mstari. Umefunga siku nyingi, hata kovu lake silioni. Wapo wanaokomaa mapema, kwa hiyo simhukumu mtu kwa picha moja. Nauliza tu. Hii ni ya nani?”

Namba ya mchezaji ilikuwa pembeni ya picha, na macho yote yakashuka, yakashuka, mpaka kwenye benchi.

Antena hakuharakisha. Alivua kiatu, namba arobaini na nne, akakiweka sikioni. Chumba kikanyamaza kusikiliza.

“Haloo, Punje? Huko chini mvua inanyesha?”

Kicheko kilitikisa vioo. Punje peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa kama aliyeangusha sindano.

Mtoto aliyekuwa ubavuni mwake aliwatazama wote. Akavuta sketi ya shule ya Punje.

“Mama,” alisema, “mwambie dada mrefu aache.”