Samahani ya Mbele za Watu

Basi Sitara alikuwa anakata doti ya khanga kibandani kwake, Kariakoo, mkasi unalia kwa hasira, mara akaja yule kijana wa Kichaga wa duka la vyombo, soda ya baridi mkononi. Wiki tatu tu tangu wawe wapenzi, na jana kawachekesha majirani wote kwa mgongo wake.

"Samahani kama ulikasirika," akasema. "Si utani tu, jamani."

"Mimi na wewe tumekuwa watani lini? Mteja wangu wa jumla kaniuliza kama mzigo wake nitauwahi kweli! Na toa soda yako, inalowesha khanga."

Kweli, chupa ilikuwa imechora duara bichi kwenye kitambaa. Akaiondoa. Majirani wakaanza kuchungulia, wale wale wa jana.

Kijana akawageukia.

"Jana nilisema mwanamke wa Pwani haamki kabla ya saa nne. Nilisema uongo. Huyu anafungua saa kumi na mbili, mimi bado nakoroma. Nilimdhalilisha kazini kwake ili mcheke. Sirudii." Akamgeukia Sitara. "Sikuombi unisamehe leo. Ila huyo mteja nitamfuata mwenyewe, nimwambie."

Hakuna aliyecheka. Sitara alikuwa bado anachemka, msidhani, mkasi umeganda katikati ya khanga.

"Muuza kahawa wa kona ile ndiye aliyecheka kuliko wote," akasema. "Hajasikia. Anza na yeye."