Kengele Ikilia, Kata Neno

Sanduku la Martin lilikuwa nje ya ofisi ya Padre Gombera, peke yake, kama mlevi aliyetolewa baa.

Mama yake, Agnella, aliliona akiwa bado getini, akimkabidhi mlinzi simu yake. Katika seminari hii hata mzazi haingii na simu, na ukutani hakuna saa. Agnella akasimama, mkono hewani.

Mwaka jana, siku kama hii ya kufungua shule, sanduku la mtoto wa Mzee Fulgence lilikaa palepale. Hotuba ilipoisha, baba, mtoto na sanduku walipakiwa mshikaki kwenye bodaboda moja, wakarudi Namawala. Mpaka leo Mzee Fulgence akisikia neno "seminari" anabadilisha mazungumzo.

Baada ya Misa, Padre Remigius, mkuu wa seminari, Gombera mwenyewe, alimshika Agnella bega.

"Mama Martin, wewe kaa mbele. Leo nataka unisikilize vizuri."

"Nitasikiliza, Baba," akajibu.

Ukumbini alimtafuta mwanawe kwa macho. Martin alikuwa safu ya kidato cha tatu, shingo imezama ndani ya kola. Agnella akamuuliza kwa midomo tu: umefanya nini? Martin akapandisha mabega. Sijui, mama. Jibu la kila mvulana mwenye makosa tangu dunia iumbwe.

"Tumsifu Yesu Kristo!" Gombera akanguruma.

"Milele na milele, amina!"

Itifaki ikazingatiwa, tena polepole. Kwanza mwakilishi wa Askofu, Monsinyori Marcelino, ambaye tayari alikuwa anasinzia. Kisha mapadre, masista, walimu walei, wazazi, na mwisho kabisa wanafunzi, ambao ndio wenye shule. Walimu wapya wakasimamishwa. Kidato cha kwanza wakasimamishwa, wakapigiwa makofi ya kilo, wakakaa wakiwa hawajui wamefanya nini cha maana.

Kisha kila mtu akapata fungu lake. Walimu wakaambiwa wasiingie darasani bila andalio la somo. Wanafunzi wakakumbushwa Misa ya alfajiri, jembe la mchana na ukimya mkuu baada ya sala ya usiku. Wazazi ndio walioumia.

"Likizo mnatuharibia! Sisi tunawakabidhi malaika, Januari nyie mnaturudishia dijei!"

Watu wakacheka. Harufu ya wali wa Ifakara ikaingia dirishani, kicheko kikafa. Nje mawingu ya mvua yalikuwa yameficha jua. Hakuna aliyejua saa, ila matumbo.

"Namalizia," Gombera akasema, kwa mara ya tatu. "Kengele! Kengele ni sauti ya Mungu. Ikilia unaandika herufi, acha mkia wake hewani. Ikilia unaongea, kata neno. Na kilichokatwa na kengele hapa hakirudiwi! Hata kama anayeongea ni mimi! Hata mimi Gombera!"

"Si ilie basi sasa hivi," Febronia, jirani yake Agnella wa mtaa wa Viwanja Sitini, akanong'ona. "Wali unapoa, jamani."

Agnella hakucheka. Alimgeukia, akamtazama kama mtu aliyetajiwa jina la dawa.

"Kuna kijana wa kidato cha tatu," Gombera akaendelea, sauti imeshuka. "Mwaka jana alinichelewea kengele mpaka nikachoka; sasa nimepata tiba yake. Leo nitalitaja jina lake mbele ya mama yake. Na kuanzia leo, maisha yake hapa hayatakuwa yale ya zamani."

Agnella akainuka, mkono tumboni.

"Samahani, Baba. Tumbo."

"Nenda, mama, lakini uwahi. Nakungoja."

Akamngoja kidogo. Akapangusa jasho, akakohoa, akamtupia jicho Monsinyori, ambaye sasa alikuwa anakoroma kwa heshima. Akaona amtaje tu kijana, mama atayakuta.

"Kijana huyo anaitwa M..."

Ngo! Ngo! Ngo!

Kengele ya seminari ni kipande cha reli kilicholetwa kutoka Mlimba, kimening'inizwa nje ya kanisa, na hugongwa kwa bolti. Ngo, ngo, ngo. Kimya. Tena tatu. Kimya. Tena tatu. Kengele ya adhuhuri, haina ubishi. Adolf, mpiga kengele, alikuwa ameketi safu ya pili. Akaitazama mikono yake yote miwili.

Midomo ya Gombera ilibaki imefumba kwenye ile M.

"Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria," Monsinyori akaanza, ameamka kama mtu aliyeitwa mezani. Ukumbi mzima ukasimama kuitikia. Sala ilipokuwa inaisha, Agnella akaingia kwa mlango wa nyuma, anafuta kutu ya viganjani kwenye kitenge. "Amina" yake iliwashinda wote.

Monsinyori akatoa baraka, wakaenda kula. Sista wa jikoni akalalamika kwamba kuku hawajaiva, leo adhuhuri imekuja na haraka gani? Agnella akala hivyohivyo. Aliona hata ule ugumu wa paja ni utamu.

"Padre," Monsinyori akasema, meza ya jirani, "si umtaje tu huyo kijana?"

"Nitamtajaje, Monsinyori? Nimeapa mbele ya wazazi wote." Gombera akashusha pumzi. "Adolf! Sanduku la Martin lirudishe bwenini."

Agnella akafumba macho, akamshukuru Mungu, akavuta paja la pili.

"Na ule ufunguo wa chumba cha kiranja mkuu, pale kando ya ofisi yangu," Gombera akamalizia, "mpe Edward badala yake."