Salamu ya Mkubwa

Swala ya Idi ilikwisha, na kwenye grupu la ukoo bado hakuna aliyetoa salamu.

“Bibi, watu sitini wanakungoja wewe,” mjukuu wake Rukia akasema. “Mkubwa ndiye anayefungua.”

Bi Zawena alishtuka. Kumbe alikuwa akimsubiri dada yake, Bi Khole, kama kila Idi, ilhali walishamzika tangu mwezi wa Rajabu.

Akakandamiza alama ya kurekodi sauti. “Idi mubarak, wanangu. Mkono wa Idi mje kuuchukua wenyewe!”

Majibu yakamiminika, lakini ujumbe wake ukabaki na tiki moja.

“Simu ya marehemu imezimwa, haijaupokea,” Rukia akasema. “Tumtoe?”

“Umtoe nani, wewe?” Bi Zawena akaitoa simu ya dada yake kabatini, akaipangusa kwa leso. “Niletee chaja.”