Bili ya Jirani

Friza la pili lilikuwa limeunguruma mwezi mzima, na bili ya umeme haikupanda hata senti.

Baridi, kama wateja walivyomwita kwa ajili ya soda zake, alikuwa dukani akifunga hesabu za mwezi. Akatoa bili za nyuma. Zote zilikuwa za mtu mwenye taa moja. Bahati ya namna hiyo haikuwa kawaida yake.

Akaibeba bili hadi uchochoroni, zilipotundikwa mita mbili za umeme: yake na ya fundi cherehani wa chumba cha pili. Namba iliyokuwa kwenye bili ilikuwa ya mita ya kushoto. Akarudi ndani, akazima swichi kubwa, akatoka kutazama. Gurudumu la mita ya kulia, lililokuwa likikimbia, lilisimama tuli. La kushoto likaendelea kujikokota.

Kumbe mita yake ilikuwa ya kulia. Tangu walipoingiziwa umeme, namba ziliandikishwa kinyume. Yeye alilipia taa ya fundi, na fundi alilipia mafriza yake.

Akakaa juu ya kreti. Fundi wa watu alikuwa amelalamika mpaka akachoka. Watu wa umeme walikuja, wakaipima mita iliyoandikwa kwenye bili yake, wakasema ni nzima. Na kweli ilikuwa nzima.

Akisema, atadaiwa tofauti ya miaka yote, na friza lenyewe la mkopo. Duka litakwenda. Akinyamaza, atamtazama mtu mwema akizama. Usiku huo hakula. Asubuhi alinyamaza, na kila siku aliyonyamaza ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Mwisho wa mwezi fundi alikuja kuaga, cherehani yake ya miguu ikiwa tayari juu ya mkokoteni.

"Jirani, nafunga. Umeme umenimaliza."

"Pole sana, ndugu yangu," Baridi akasema, macho chini. "Hao watu hawana huruma."

Fundi akamshika mkono, akamkabidhi na sare ya shule ya mtoto wa Baridi aliyokuwa ameishona. Malipo akakataa. Baridi alijichukia kwelikweli, lakini akaiweka sare chini ya kaunta.

Wiki iliyofuata lori lilisimama mbele ya chumba cha fundi. Mpangaji mpya, bonge la mtu mwenye vidole vyeusi, alipita kwanza dukani kusalimia.

"Mzee, niambie ukweli kabla sijashusha mzigo. Nasikia aliyetoka alishindwa na umeme."

Baridi akaivuta bili yake kutoka chini ya kaunta. Mtu asije akaanza kuchunguza mita.

"Huyo alikuwa na mambo yake," akacheka. "Umeme wa hapa hauna shida. Mimi na mafriza yote haya, tazama bili yangu."

Mpangaji akaisoma, akamrudishia, akawageukia vijana wake barabarani.

"Haya, shusheni mashine za kuchomelea. Zote tatu."