Simu Ndani ya Unga

Rukaiya, mchoraji wa nembo za maduka, aliwatumia wateja wake wanne bei mpya: mara mbili ya ile ya zamani, nusu ilipwe kabla ya kazi, marekebisho mawili tu. Kisha akaifukia simu kwenye ndoo ya unga asisikie matusi.

Unga ukatetemeka, akaichomoa simu. Wawili walimuaga. Waliobaki, akapiga hesabu, wangelipa sawa na wote wanne.

Mmojawao alikuwa Mzee Kibwana, muuza magodoro, aliyezoea kubadilishiwa rangi mpaka zinamwishia Rukaiya. Tayari alikuwa ametuma nusu ya malipo, kisha akapiga simu.

“Binti, marekebisho mawili tu?”

“Mawili, mzee.”

Mzee akakata simu, akaandika ujumbe, akafuta, akaandika tena.

“Basi usianze. Ngoja kwanza nimuulize mke wangu anataka rangi gani.”

Rukaiya alikaa akingoja, sikio jeupe kwa unga.