Mara Moja

Ko! Nyundo ya Mulei iligonga gurudumu la behewa mara ya kwanza; mlio ulikuwa mkavu, si wa kengele, naye akawaambia wenzake kuwa lina ufa.

Nyundo za wenzake zikanyamaza. Wakamtazama, kama kila siku. Wao, Wataita, hugonga gurudumu mara moja wakapita. Yeye hugonga mara tatu, kwani akikosea mmoja wao, amekosea peke yake. Akikosea Mulei, wamekosea Wakamba wote. Kiganja chake kilikuwa na malengelenge ya kurudia.

"Wee Mkamba, treni inachelewa," nyapara akasema. "Hebu rudia, tuhakikishe."

Hakuna mwingine aliyewahi kuambiwa arudie. Mulei akaiweka nyundo chini, taratibu, kama mtu aliyechoka kubeba maji.

"Behewa hili lisitoke Voi, mzee. Na nakuahidi, kuanzia leo nitagonga mara moja tu."