Kadi ya Tatu

Fundi cherehani alichanganya karata za ramli, akazikata kwa mkono wa kushoto kama alivyoelekezwa. Alikuwa ameishi ugenini miaka kumi na tisa, na moyo ulikuwa njia panda: arudi nyumbani au asirudi?

Msomaji wa karata, mama wa makamo, alipanga tatu mezani. "Ulikotoka, ulipo, uendako."

Ya kwanza ilionyesha mtu akiviacha vikombe vinane, ameshika njia ya mlimani. "Uliondoka kwa hiari, mwanangu."

Ya pili ilikuwa na picha ya fundi ameinamia kazi. "Mikono yako imekulisha."

Ya tatu ilikuwa na watoto wawili uani, mmoja akimpa mwenzake kikombe chenye maua. Ilitoka kichwa chini.

"Hii ni nyumbani," msomaji akasema. "Lakini imepinduka, na ikipinduka husema kwamba…"

Mkono wa fundi ukamtangulia. Kidole chenye sugu ya sindano kiliigeuza kadi, watoto wakasimama wima.

"Samahani, mama! Sijui imekuwaje."

Msomaji akavua miwani, akamtazama. "Mteja hagusi karata zikishapangwa. Haya, bado unataka nisome?"

Fundi aliitazama kadi, kidole kingali juu yake.

"Hapana," akasema. "Hivi, cherehani inaruhusiwa kwenye ndege?"